Barua ya Fundi Kuhusu Mota ya Kilowati 30

Barua nyingi za idara ya matengenezo humfikia meneja wa kiwanda mambo yakiwa yameshaharibika. Mota imeungua, uzalishaji umesimama, na fedha za kuisuka upya zinatakiwa leo hii. Meneja hana nafasi ya kuuliza maswali, anasaini. Ndiyo maana barua inayoomba fedha kwa ajili ya mota ambayo bado inazunguka vizuri huonekana kama anasa, na mara nyingi huishia kwenye faili.

Makala haya yanaifuata barua ya namna hiyo, aya kwa aya. Kiwanda chenyewe ni cha mfano: kiwanda cha chai katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, chenye vikaushio vitatu, na kila kikaushio kina feni kubwa inayovutwa kwa mikanda na mota ya kilowati 30. Bei ya mota, gharama ya kuisuka na bei ya umeme ni makadirio yaliyowekwa ili hesabu iweze kwenda, na anayetaka kuandika barua yake ataweka za kwake. Viwango vya ufanisi wa mota mpya ni vile vya kimataifa, vinavyosomeka kwenye kibati cha mota yoyote halali, iwe imefungwa Mufindi au Kericho.

Msimamizi wa matengenezo wa kiwanda hicho anaanza hivi:

"Kwa: Meneja wa Kiwanda. YAH: MOTA YA FENI YA KIKAUSHIO NAMBA 2. Mota hii inakula umeme wa shilingi milioni 27 kwa mwaka. Mota mpya ya ukubwa huohuo ni shilingi milioni 5.5."

Sentensi hizo mbili zinafanya kazi ambayo kurasa kumi za maelezo ya kiufundi haziwezi. Menejimenti imezoea kuiona mota kama kitu kinachonunuliwa mara moja na kusahaulika. Bei yake inajulikana kwa sababu iko kwenye risiti, lakini umeme wake hauonekani, umejificha ndani ya ankara moja ya kiwanda kizima. Ukiutenga umeme huo, unakuta kwamba mota inamaliza fedha sawa na bei ya mota mpya kila baada ya miezi miwili na nusu hivi, na kazi hiyo inaifanya kwa miaka ishirini.

Hesabu ya hiyo milioni 27 haina ugumu. Msimamizi amefunga mita ya kupima nguvu ya umeme kwenye nyaya za mota wakati kikaushio kikiwa kazini, na mita imesoma kilowati 27. Ameangalia daftari la uzalishaji na kukuta kuwa feni huzunguka takriban saa 5,000 kwa mwaka, nyingi zikiwa za msimu wa mvua majani yanapokuja kwa wingi, na chache za kiangazi. Kilowati 27 kwa saa 5,000 ni uniti 135,000. Ankara za mwaka mzima, bila kodi ya ongezeko la thamani, zikigawanywa kwa uniti zilizotumika zinatoa shilingi 200 kwa uniti.

Hapa fundi mwingi huteleza, kwa sababu hupima ampia peke yake kwa mita ya kubana waya, huzizidisha kwa volti, na kudhani amepata kilowati. Ampia hizo zina sehemu mbili. Moja inafanya kazi ya kuzungusha shafti. Nyingine inajenga sumaku ndani ya mota na kurudi ilikotoka bila kufanya kazi yoyote, na sehemu hii hupungua kidogo tu hata mzigo ukipungua sana. Mota iliyobeba mzigo mdogo huweza kuvuta nusu ya ampia zilizoandikwa kwenye kibati chake huku ikifanya kazi ndogo kuliko nusu. Mwenye kupeleka hesabu ya ampia kwa mhasibu anapeleka hesabu iliyovimba, na mhasibu makini ataigundua pindi akaunti zisipolingana.

Baada ya kujua kinachoingia, msimamizi anahitaji kujua kinachotoka. Kati ya hizo kilowati 27, ni ngapi zinafika kwenye feni?

Njia aliyotumia inahitaji kipima mizunguko na dakika tano. Mota ya nguzo nne kwenye umeme wetu wa hezi 50 ina uga wa sumaku unaozunguka mara 1,500 kwa dakika, na shafti hubaki nyuma kidogo ya uga huo. Kadiri mzigo unavyokuwa mzito ndivyo shafti inavyozidi kubaki nyuma. Kibati cha mota hii kinasema mizunguko 1,460 kwa dakika ikiwa na mzigo kamili, yaani inabaki nyuma kwa mizunguko 40. Kipimo kilionyesha 1,468, yaani inabaki nyuma kwa 32. Thelathini na mbili kwa arobaini ni asilimia 80, na asilimia 80 ya kilowati 30 ni kilowati 24.

Zinaingia 27, zinatoka 24. Ufanisi ni asilimia 89 kwa makadirio, na kilowati tatu zinapotea njiani.

Zinapotea kama joto. Ni sawa na kuziacha pasi tatu za umeme zikiwaka ndani ya ganda la chuma kila saa ambayo kikaushio kinafanya kazi. Sehemu ya joto hilo inatoka kwenye nyaya za shaba, sehemu kwenye mabati membamba ya chuma yanayobeba sumaku, sehemu kwenye rota, na kiasi kidogo kwenye beringi na kwenye feni ndogo ya kuipoza mota yenyewe. Mota yenye ufanisi wa juu inalipunguza kwa njia zisizo na siri yoyote: shaba nyingi zaidi, mabati bora na membamba zaidi, kiini kirefu zaidi, nafasi ndogo na sahihi zaidi kati ya rota na stata. Ndiyo maana huwa nzito kuliko ya kawaida ya ukubwa uleule, na ndiyo maana huwa ghali.

Viwango vyake vimepangwa na Tume ya Kimataifa ya Elektrotekniki katika waraka IEC 60034-30-1 wa mwaka 2014, kwa alama za IE1, IE2, IE3 na IE4. Kwa mota ya kilowati 30 ya nguzo nne, IE1 ni asilimia 90.7 na IE3 ni asilimia 93.6. Umoja wa Ulaya umeifanya IE3 kuwa kiwango cha chini kwa mota nyingi za kawaida za kuanzia kilowati 0.75, kwa kanuni iliyoanza kutumika Julai 2021, na kuanzia Julai 2023 mota nyingi za kilowati 75 hadi 200 zinatakiwa ziwe IE4. Kwa hiyo barua hii haiombi teknolojia ya kesho. Inaomba kile ambacho katika masoko makubwa ni sharti la chini kabisa.

Tofauti ya 89 na 93.6 inaonekana ndogo, na meneja ana haki ya kukunja uso. Msimamizi anaielekeza hoja kwenye joto. Ili kutoa kilowati zilezile 24, mota ya IE3 itavuta kilowati 25.6. Hasara inashuka kutoka kilowati 3 hadi 1.6, karibu nusu. Joto likipungua, maisha ya mota yanarefuka, kwani mafundi wa umeme wana kanuni waliyoizoea kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka kwenye koili hukata maisha ya kizio kwa nusu.

Kwa fedha, upungufu huo, ukichukuliwa kwa uangalifu kuwa kilowati 1.3 tu, kwa saa 5,000 ni uniti 6,500, nazo kwa shilingi 200 ni shilingi milioni 1.3 kwa mwaka. Gawa milioni 5.5 kwa milioni 1.3. Fedha inarudi baada ya miaka minne na miezi kama mitatu.

Kiwanda hiki, kama vilivyo vingi, hakiidhinishi mradi wa kuokoa gharama usiorudisha fedha ndani ya miaka mitatu. Kwa hiyo ombi limeanguka. Barua dhaifu ingeishia hapo, au ingejaribu kuzisukuma namba, ikapandisha saa za kazi na kushusha bei ya mota hadi mitatu ipatikane. Msimamizi huyu ameziacha namba zake kama zilivyo na kuuliza swali jingine: milioni 5.5 hiyo inalinganishwa na nini?

Mota ya kikaushio namba 2 imeshasukwa mara tatu. Itaungua tena, na siku hiyo kiwanda kitatumia fedha kwa vyovyote vile. Kuisuka ni shilingi milioni 1.8. Siku hiyo bei ya kweli ya mota mpya haitakuwa milioni 5.5, itakuwa tofauti ya milioni 3.7, kwa sababu milioni 1.8 ilikuwa inatoka hata hivyo. Akiba inabaki milioni 1.3 kwa mwaka, na fedha inarudi kwa miaka miwili na miezi kumi. Mradi umepita.

Kuna ulinganisho wa tatu, wa siku ambayo kiwanda kinaamua kununua mpya na afisa manunuzi anatafuta ya bei nafuu. Ya IE1 anaipata kwa milioni 4.4. Ameokoa milioni 1.1 na atapongezwa kwenye kikao. Lakini IE1 kwa mzigo huo inavuta karibu kilowati 0.8 zaidi ya IE3, ambazo kwa saa 5,000 ni uniti 4,000, yaani shilingi laki nane kila mwaka. Akiba ya manunuzi imekwisha kabla ya mwaka mmoja na nusu, na mota itaendelea kula kwa miaka mingi baada ya hapo.

Mota ni ileile, feni ni ileile, na majibu ni matatu: miaka minne na zaidi, chini kidogo ya mitatu, na chini ya mmoja na nusu. Anayesema kwamba mota za ufanisi wa juu hurudisha fedha haraka, na anayesema hazirudishi, wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja akiwa amesimama kwenye ulinganisho wake. Barua ambayo haisemi inalinganisha nini haijasema kitu.

Hapo ndipo ombi lenyewe linapojitokeza, na linaweza kumshangaza meneja aliyetarajia orodha ya mota kumi na mbili. Msimamizi anaomba vitu viwili tu: mota moja ya IE3 ya kilowati 30 inunuliwe sasa na kuwekwa stoo, iwe akiba ya vikaushio vyote vitatu, na isainiwe kanuni kwamba mota yoyote ya ukubwa huo au mdogo zaidi, inayofanya kazi saa 5,000 au zaidi kwa mwaka, ikiungua haisukwi tena, inabadilishwa.

Sababu ya kuiweka stoo inahitaji kuelezwa kwa asiyejua kiwanda cha chai. Majani mabichi yakishanyaushwa na kukatwa huanza kubadilika rangi na harufu, na mabadiliko hayo yanasimamishwa na hewa ya moto ya kikaushio. Kikaushio kikisimama, majani hayasubiri. Yanazidi kuchacha, ubora unashuka, na mengine yanamwagwa. Mota ikiungua saa nane usiku katikati ya msimu, hakuna mtu atakayekaa na kikokotoo. Itafunguliwa, itapakiwa kwenye gari, itapelekwa kwenye karakana ya mjini, na fundi atapigiwa simu kila saa moja aharakishe. Uamuzi wa miaka kumi ijayo unafanywa na mtu aliyekosa usingizi. Mota ikiwa stoo, kazi ni kufungua boliti nne, kubadili puli, kuunga nyaya na kupanga mikanda. Zamu moja inatosha.

Na haraka hiyo ndiyo inayoharibu mota wakati wa kusukwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na vyama viwili vya wakarabati wa mota, EASA cha Marekani na AEMT cha Uingereza, ulionyesha kuwa mota ikisukwa kwa utaratibu sahihi ufanisi wake hubaki karibu uleule. Hilo ni jambo la kuwapa heshima mafundi wa kusuka, na msimamizi analiandika wazi. Tatizo ni pale utaratibu unapokatwa. Ili kuzitoa koili za zamani, vanishi iliyozigandisha lazima iunguzwe. Tanuri linalodhibitiwa huzuia chuma kisipite nyuzi 370 hivi. Asiye na tanuri huwasha moto wa mkaa au kuni ndani ya stata, na hakuna anayejua joto limefika wapi. Mabati ya kiini yamepakwa kizio chembamba kati ya moja na jingine ili umeme usitembee humo ovyo. Moto ukizidi, kizio kinaungua, mabati yanagusana, na chuma kinaanza kuchemka chenyewe hata mota ikiwa haina mzigo. Ongeza waya mwembamba kuliko wa awali, kwa sababu ndio uliokuwepo dukani siku hiyo, na mota imerudi ikiwa na sura ileile lakini ikila zaidi.

Inaweza kugundulika. Mota iliyorudi kutoka karakana izungushwe bila mikanda, na ampia zake zilinganishwe na zile zilizoandikwa kabla haijaungua. Zikipanda waziwazi, kiini kimeharibika au idadi ya mizunguko ya waya imepunguzwa. Fezi tatu zikitofautiana sana ilhali volti ziko sawa, koili hazikusukwa sawa. Kipimo hicho hakina gharama yoyote, lakini kinamtaka mtu awe ameandika namba za mota ikiwa nzima, na daftari la namna hiyo ni adimu. Msimamizi ameambatanisha la kwake.

Sehemu inayofuata ya barua ndiyo inayotenganisha fundi anayeijua kazi yake na anayesoma katalogi. Inahusu mikanda.

Mota ya ufanisi wa juu haibaki nyuma ya sumaku yake kama ya zamani. Kibati chake kinasema mizunguko 1,478, na kwa mzigo wa feni hii itazunguka karibu 1,482 badala ya 1,468. Ni ongezeko la chini ya asilimia moja, na mtu angeweza kulipuuza. Lakini feni ina tabia yake: nguvu inayotaka hupanda kwa mchemraba wa mwendo. Mwendo ukiongezeka kwa asilimia moja, nguvu huongezeka kwa karibu asilimia tatu. Kilowati 24 zinakuwa 24.7, na mota mpya inavuta 26.4 badala ya 25.6. Akiba ya kilowati 1.3 imebaki 0.6. Nyingine imegeuka kuwa upepo ambao kikaushio hakikuuhitaji.

Tuirudie hesabu ya fedha kwa akiba hiyo iliyokatwa. Kilowati 0.6 kwa saa 5,000 ni shilingi laki sita kwa mwaka, na milioni 5.5 inahitaji zaidi ya miaka tisa kurudi. Mota ni halali, kibati kinasema kweli, bei ilikuwa nzuri, na bado mradi umekufa kwa sababu ya mizunguko 14 kwa dakika. Kuna viwanda vilivyofunga mota mpya, vikaangalia ankara, havikuona kitu, na vikahitimisha kwamba wauzaji ni waongo. Mara nyingi kosa liko kwenye puli.

Dawa yake ni rahisi feni inapoendeshwa kwa mikanda. Puli ya mota yenye kipenyo cha milimita 200 pale mkanda unapokaa ichongwe mashineni hadi 198, na feni itarudi kwenye mwendo wake wa zamani. Gharama ni ya fundi mchongaji kwa nusu siku. Feni zilizofungwa moja kwa moja kwenye shafti ya mota, kama zile za vitanda vya kunyaushia majani, hazina puli ya kuchonga. Hizo zinataka mapanga yake yapunguzwe mkao, kama yameundwa ili yaweze kurekebishwa. Pampu zina tabia inayofanana na ya feni. Mashine kama mkanda wa kubebea majani haziadhibu kiasi hicho, kwa kuwa nguvu yake hupanda sambamba na mwendo tu.

Msimamizi anagusa pia, kwa kifupi, mambo ambayo yangeweza kumwaibisha siku ya kufunga. Mota za kilowati 30 za nguzo nne za vipimo vya sasa vya IEC zina kimo cha shafti cha milimita 200 na shafti yenye unene wa milimita 55, hivyo mpya hukaa kwenye boliti za zamani bila shida. Lakini kiwanda kilichojengwa enzi za vipimo vya inchi kinaweza kuwa na kitako tofauti, na hilo lipimwe kwa rula kabla ya kuagiza. Mota za ufanisi wa juu pia huvuta umeme mkali zaidi sekunde za kwanza za kuwashwa, na breka iliyoizoea mota ya zamani inaweza kukata kila inapowashwa. Asiyejua hilo atadhani mota ni mbovu.

Vilevile amejibu swali ambalo meneja mwerevu angeuliza: je, feni inahitaji kuzunguka kwa nguvu yote hiyo? Kama kilango cha hewa kingekuwa kimefungwa nusu wakati wote, kubadili mota kungekuwa kutibu kidole huku mguu umevunjika. Kupunguza mwendo wa feni hadi asilimia 80 hushusha nguvu inayotakiwa hadi karibu nusu, akiba ambayo hakuna mota duniani inayoweza kuileta kwa ufanisi wake. Kwenye kikaushio namba 2 kilango kiko wazi kabisa na hewa yote inatumika, kwa hiyo njia hiyo haipo. Kwenye namba 3 kilango kimefungwa theluthi moja, na msimamizi anasema ataleta barua nyingine kuhusu hicho, yenye vipimo vyake. Mimi ningeanza na hiyo.

Anaeleza pia ni zipi ambazo hataki ziguswe. Mota ya kilowati 5.5 inayopeleka kuni kwenye boila hufanya kazi saa 600 kwa mwaka. Kutoka IE1 ya asilimia 84.7 hadi IE3 ya asilimia 89.6 ni pengo kubwa kuliko lile la kikaushio, na muuzaji angelipigia debe. Lakini kwa mzigo wa kilowati 4, akiba ni uniti zipatazo 160 kwa mwaka, shilingi elfu 31 au 32. Mota ya shilingi milioni 1.4 ingehitaji zaidi ya miaka arobaini kujilipa. Saa za kazi ndizo zinazoamua, na ufanisi mkubwa kwenye kitu kinacholala haumsaidii mtu. Kwa mota kubwa sana hoja hubadilika tena: pengo la ufanisi hupungua kadiri ukubwa unavyopanda, bei hupaa, na kuisuka katika karakana nzuri huwa uamuzi wa busara. Ndiyo maana kanuni anayoiomba ina kikomo cha ukubwa.

Kuhusu mashaka, barua haijifichi. Kupima mzigo kwa mizunguko kuna udhaifu wake. Namba ya mizunguko kwenye kibati huruhusiwa kukosea, na volti ikipanda au kushuka kipimo hubadilika. Kwa hiyo msimamizi ameirudia hesabu akidhani mota ya zamani ni nzuri kuliko alivyopima, yenye ufanisi wa asilimia 90.5. Akiba inashuka hadi shilingi laki tisa hivi kwa mwaka, na ukilinganisha na kuisuka, fedha inarudi kwa miaka minne badala ya mitatu kasoro. Hilo linavuka mpaka wa kiwanda, naye amelisema. Mhasibu atakayeisoma atajua ukubwa wa kamari anayoombwa kuicheza: matokeo mabaya ni miaka minne, kwa kifaa cha kudumu miaka kumi na mitano hadi ishirini kikitunzwa.

Kabla ya kununua, anaomba nukuu za bei zitaje mambo matatu kwa maandishi: alama ya IE, asilimia ya ufanisi kwa mzigo kamili na kwa robo tatu ya mzigo, na kiwango cha IEC ambacho mota imepimwa nacho. Muuzaji asiyeweza kuyaandika anauza rangi mpya. Mota ikifika ipimwe uzito na ulinganishwe na wa katalogi. Kibati ni rahisi kughushi, lakini shaba na chuma vilivyopunguzwa huonekana kwenye mizani.

Malipo ya mwisho anataka yafungwe kwenye kipimo. Kwa wiki moja kabla ya kubadili na wiki moja baada yake, mita iachwe kwenye nyaya za feni, na saa za kazi ziandikwe pamoja na kilo za chai zilizopita kwenye kikaushio. Ankara ya kiwanda kizima haifai kwa kazi hii, kilowati 1.3 hupotea ndani yake, na msimu mmoja wa mvua nyingi unatosha kuifuta. Karatasi ya vipimo isainiwe na msimamizi na mhasibu wote wawili.

Aya ya mwisho inahusu mota itakayotolewa. Mazoea ni kuipeleka stoo kama akiba, na siku moja, mpya ikiwa na hitilafu ndogo ya beringi, ya zamani inarudishwa "kwa muda" na kukaa miaka sita. Msimamizi anaomba ikatwe shafti na kuuzwa kwa kilo kama shaba na chuma chakavu, na fedha hiyo iingizwe kwenye hesabu ya mota inayofuata, ya kikaushio namba 1, ambayo kipimo chake cha ampia bila mzigo kimepanda mara mbili mfululizo.